Safari Hupimwa kwa Mavuno

Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili unapokaribia, stendi ya Nyegezi hujaa. Wengi wetu tunaoishi Mabatini tulikuja Mwanza kutoka mahali pengine, na nyumbani kunatuita. Wa Kagera wanapanga kwenda Kagera, wa Mara wanakwenda Mara, na wa Kilimanjaro wanakata tiketi za mbali zaidi. Watoto wanataka kumwona bibi, na bibi anataka kuwaona watoto. Hamu hii ni njema, kwa kuwa Amri ya Nne haituagizi kuwaheshimu wazazi kwa simu peke yake.

Swali letu ni dogo kwa sura, lakini limevunja amani katika nyumba nyingi: safari hiyo ilipiwe kwa pesa gani? Je, ni sawa mbele za Mungu kukopa ili familia iende nyumbani? Tunaliuliza kama watu walioshindwa mtihani huo kwanza, kisha wakaurudia.

Miaka michache iliyopita, sisi wa nyumba ya mchungaji tulikuwa hatujakwenda kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, kwa muda mrefu. Tulikuwa watu watano: baba, mama na watoto watatu, mdogo akiwa bado wa kupakatwa. Tulipiga hesabu ikafika shilingi 600,000, na ndani ya nyumba hapakuwa na hata robo yake. Mama mchungaji alikuwa na kikundi cha kina mama watano waliokuwa wakikopa pamoja, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Huo ndio mkopo ambao mtaani tunauita kausha damu. Tuliomba 600,000. Zikakatwa 30,000 za fomu, tukapewa mkononi 570,000. Marejesho yalikuwa 75,000 kila Jumanne kwa wiki kumi, yaani 750,000. Kwa hiyo tulipokea 570,000 na tukatakiwa kutoa 750,000. Tofauti ni 180,000.

Hapo hatukuuliza hata swali ambalo kila mkopaji anapaswa kuuliza. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ianze kutumika, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa namna hiyo. Kwa deni la 600,000, hiyo ni 21,000 kwa mwezi. Kwa wiki kumi haifiki hata 60,000. Tulilipa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho kwa sababu tulikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hasomi fomu.

Rejesho la kwanza lilifika kabla ya Krismasi, tukalilipa kwa pesa ileile tuliyokopa. Zikabaki 495,000. Baada ya ibada ya Krismasi tulimwachia mwinjilisti zamu ya Mwaka Mpya, na tarehe 26 tukapanda basi. Enzi hizo daraja la Kigongo-Busisi lilikuwa halijafunguliwa, hivyo tulikaa kwenye foleni ya kivuko huku watoto wakila mahindi ya kuchoma. Tulifika, tukapokewa vizuri, na ndizi zikapikwa. Lakini Jumanne ilipofika tulikuwa tumesimama nyuma ya nyumba tukitafuta mtandao, tutume rejesho la pili. Mama yetu alitutazama akasema, "Mwanangu, mbona unaishika simu kama mtu anayesubiri hukumu?" Hatukumjibu. Tulikuwa tumesafiri kwenda kumheshimu, na sasa tulikuwa tunamficha jambo.

Kwa safari nzima tulikuwa tumebakiwa na 420,000 tu, na nauli ya kurudi ilikwisha kuliwa. Shemeji ndiye aliyetulipia. Tulirudi Mabatini Januari, na Januari ina mambo yake. Ada ya shule za serikali imefutwa, ndiyo, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa. Tulishindwa marejesho mawili mfululizo. Kwa sheria ya kikundi, kina mama wanne waliobaki walichanga 150,000 badala yetu, kila mmoja 37,500. Mmoja wao ni mjane anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwauza kwa visado. Hakuwahi kufika Kamachumu wala hakula ndizi za mama yetu, lakini alizilipia.

Mithali 22 inaonya juu ya kuwekeana dhamana, na inataja hata kitanda kuondolewa chini ya mtu asiyeweza kulipa. Wanaokaa mitaa yetu wamekwisha kuona godoro likibebwa mchana. Luther naye, katika maandishi yake ya 1524 juu ya biashara na riba, aliikemea desturi ya kudhaminiana. Hoja yake ni kwamba anayemdhamini mwenzake anaahidi kitu kisicho mkononi mwake, kwa kuwa kesho ni ya Mungu. Tulikuwa tumelisoma hilo chuoni na kulijibu kwenye mtihani. Tulilielewa siku tulipomwona mjane yule akihesabu noti za elfu mbili mbili kwa ajili yetu.

Baada ya hapo tulirudi kwenye Maandiko kutafuta kama Mungu amesema lolote juu ya safari za familia. Tulidhani hatutapata kitu. Tukakuta amesema kwa kinaganaga, katika Kumbukumbu la Torati 14, kuanzia mstari wa 22 hadi 29. Tunaomba kila nyumba isome sehemu hiyo jioni moja, taratibu.

Pale Mungu anawaagiza Waisraeli watenge sehemu ya kumi ya mazao ya shamba kila mwaka, wakaile mbele zake mahali atakapopachagua. Kwa hiyo ilikuwa akiba ya safari ya sikukuu. Kisha anafikiria mtu anayeishi mbali, ambaye hawezi kubeba nafaka na kuswaga mifugo njia yote hiyo. Huyo aviuze, aifunge fedha mkononi, asafiri nayo, na akifika anunue kile ambacho moyo wake unakitamani, ale na kufurahi pamoja na nyumba yake. Mungu hakuiona furaha ya familia iliyo safarini kuwa anasa. Aliiamuru, na akaitengenezea mfuko wake.

Angalieni mfuko huo ulivyojazwa. Haukutajwa kwa kiasi cha fedha. Ulitajwa kama sehemu ya mavuno. Mwaka wa mvua nzuri, sehemu ya kumi ilikuwa kubwa na sikukuu ikawa kubwa. Mwaka wa ukame ilikuwa ndogo, na familia ilikula kidogo lakini ilikula mbele za Mungu. Safari ilipimwa kwa mavuno. Sisi tulifanya kinyume. Tulipanga kwanza safari, tukiangalia macho ya watu wa nyumbani na ukubwa wa zawadi waliyoleta wengine, kisha tukaenda kula mavuno ya Januari na Februari ambayo hata hayajapandwa. Hapo ndipo tunapoona kosa la mkopo wa safari. Riba ni sehemu tu ya kosa hilo. Kosa lenyewe ni kumwambia Mungu kwamba mwaka aliotupa hautoshi kufurahia.

Mtu atauliza, basi kukopa nauli ni dhambi? Hapana. Mama akiugua ghafla, au simu ya msiba ikilia usiku, mtu hana wiki arobaini za kujiandaa. Hapo kukopa kwa ndugu au kwa jumuiya ni sehemu ya kubebeana mizigo. Lakini Krismasi haijawahi kumjia mtu ghafla. Tarehe yake inajulikana mwaka mzima kabla. Deni kwa jambo linalojulikana mwaka mzima ni tofauti na deni kwa jambo lililotuvamia, na dhamiri zetu zinaijua tofauti hiyo.

Mwaka 2025 tuliamua kujaribu njia ya Kumbukumbu la Torati. Tulianza kwa kuandika safari nzima kwenye karatasi moja, kwenda na kurudi. Nauli za viti vinne, kwenda na kurudi, tuliziwekea 240,000. Chakula cha njiani 40,000, zawadi 120,000, matumizi ya siku kumi kijijini 150,000, na ya dharura 50,000. Jumla ni 600,000. Kila nyumba itakuwa na namba zake. Linalosahaulika karibu kila mara ni nauli ya kurudi na matumizi ya kijijini, kwa sababu tunajidanganya kwamba kijijini hakuna matumizi. Mgeni kutoka mjini huombwa mchango wa msiba, sukari ya shangazi na sadaka ya usharika aliobatizwa. Asipovihesabu, atavilipa kwa nauli yake ya kurudi. Sare za Januari hatukuziweka humo. Hizo zina bahasha yake, na bahasha hiyo haisafiri.

Tukagawanya 600,000 kwa wiki arobaini, tukapata 15,000 kwa wiki. Kuanzia Jumapili tarehe 2 Februari, wiki ya arobaini ingekuwa tarehe 2 Novemba, kabla msongamano wa tiketi haujaanza. Seremala wa mtaani alitutengenezea kibubu cha mbao chenye kufuli. Ufunguo tulimpa mzee wa kanisa anayeishi jirani. Kila Jumapili baada ya ibada tuliweka fedha mbele ya watoto, na karatasi ikabandikwa ukutani: tarehe, kiasi, na saini mbili. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mzee alikuja na ufunguo, tukahesabu, na Jumatatu fedha ikapelekwa kwenye akaunti ya akiba ambayo hatukuichukulia kadi. Tuliihamisha kwa sababu nyumba ya mbao na bati si mahali pa kuweka laki nne. Kuna mwizi, kuna moto, na wanaokaa karibu na mto Mirongo wanajua maji yanavyoingia bila kubisha hodi. Tuliikataa kadi kwa sababu pesa iliyo karibu na mkono husikia kila tunachokitamani.

Adui mkubwa wa kibubu hatoki nje. Ni ule mkopo ambao mtu anajikopesha mwenyewe: "Nachukua elfu kumi, nitarudisha Jumamosi." Hata kwenye kibubu chenye kufuli hilo linawezekana, kwa kuweka pungufu na kuandika kamili. Mwezi wa tano tulipohesabu, karatasi ilisema 75,000 na kibubu kikasema 45,000. Tulipoitazama karatasi vizuri tuliona wiki mbili zimeandikwa kwa kalamu moja, siku moja, na saini moja tu. Mmoja wetu alikuwa amefanya hivyo, na si lazima tumtaje. Ilikuwa aibu mbele ya mzee na mbele ya watoto, lakini ilikuwa aibu ya 30,000, iliyogunduliwa mwezi uleule, na ililipwa kufikia Juni. Kama tungesubiri mpaka Novemba ndipo tuhesabu, shimo lingekuwa kubwa kuliko uwezo wetu wa kulikiri.

Wengine wanauliza kama si afadhali kuiweka akiba ya safari kwenye kikoba. Inawezekana, lakini kikoba kina jambo lake. Pesa ya kikoba hukopeshwa kwa wanachama, na faida hutoka humo. Ukifika wakati wa kuvunja kikoba Desemba, kama wenye mikopo hawajarejesha, mgao wako uko mifukoni mwa wengine na basi halikungoji. Anayetaka njia hiyo aulize mapema: mkopo wa mwisho unatolewa mwezi gani? Kikundi kinachoendelea kukopesha mpaka Novemba hakiwezi kuahidi nauli ya Desemba.

Tarehe 24 Agosti tuliweka fungu la thelathini, na akiba ikawa 450,000. Wiki hiyohiyo mtoto wa mjane yule wa dagaa aligongwa na bodaboda akavunjika mguu. Alihitaji kufungwa chuma, na mama yake hakuwa na fedha. Jumuiya ilichanga, lakini haikutosha.

Hapa ndipo swali la maadili lilipotukalia kwa uzito. Tulikuwa na fedha iliyokuwa imewekwa wakfu kwa jambo jema. Watoto walikuwa wameihesabu wiki thelathini. Mama mzee Kamachumu alikuwa amekwisha kuambiwa. Je, ahadi ya nyumbani ivunjwe kwa ajili ya jirani? Au tuseme, kwa unyofu kabisa, kwamba hatuna? Ukweli ni kwamba maneno hayo yalitujia mdomoni. Mtu mwenye mfuko maalumu hujifunza haraka kusema "sina" huku anacho.

Tulikumbuka Marko 7, Bwana Yesu anapowakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wapate kukwepa kuwasaidia wazazi wao. Wakfu wao ulikuwa halali kwa maneno, lakini ulikuwa ukuta. Kibubu nacho kinaweza kuwa Korbani. Kisha tukarudi kwenye Kumbukumbu la Torati 14 na kusoma mistari ambayo mwanzoni tuliipita haraka. Baada ya kuruhusu sikukuu, Mungu anaagiza Mlawi asiachwe. Halafu anasema kwamba kila mwaka wa tatu fungu hilo libaki malangoni mwao, kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo mfuko wa safari ulikuwa na wasafiri wengine ambao hawakuwa wa nyumba ile. Na kuna miaka ambayo mfuko huo haukusafiri kabisa.

Tulikaa na watoto tukawaeleza. Binti yetu mkubwa aliuliza kama ni yule mama aliyetulipia deni. Tukasema ndiye. Hakuuliza tena. Tulitoa 200,000, zikabaki 250,000. Hatukuzitoa zote, na hilo nalo tulilipima. Deni letu la upendo kwa mama mzee halikuwa limefutwa kwa sababu jirani anaumwa, na jumuiya nayo ilikuwa na nafasi yake ya kuchangia. Tuliendelea kuweka 15,000 kwa wiki kumi zilizobaki, na tarehe 2 Novemba tulikuwa na 400,000.

Sasa jaribu lilirudi kwa sura mpya: tunapungukiwa 200,000 tu, si tuzikope? Hapo tukakumbuka kwamba safari hupimwa kwa mavuno. Mavuno yetu ya mwaka huo yalikuwa 400,000, kwa hiyo tulipanga safari ya 400,000. Mama mchungaji alikwenda na watoto wawili wadogo, yule wa mwisho akipakatwa. Nauli za viti viwili kwenda na kurudi 120,000, chakula 20,000, zawadi 100,000, matumizi ya siku saba 110,000, dharura 50,000. Baba na binti mkubwa walibaki Mabatini, na zamu yao ni mwaka unaofuata. Basi lilipita juu ya daraja jipya la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na watoto walipiga simu kulalamika kwamba lilivuka upesi mno, hata mahindi hawakula.

Mama mzee aliuliza kwa nini wengine hawakuja. Safari hii tulimwambia ukweli wote, pamoja na ule wa miaka iliyopita. Alinyamaza, kisha akauliza, "Huyo mtoto ameanza kukanyaga?" Tukamwambia bado anatumia magongo. Walipoondoka aliwafungia mkungu wa ndizi na kopo la senene, akasema senene ni za mtoto wa magongo.

Tunajua wapo kati yetu ambao 15,000 kwa wiki ni nyingi. Kwao fungu linaweza kuwa 3,000, nayo kwa wiki arobaini ni 120,000. Hiyo ni nauli ya mtu mzima mmoja kwenda na kurudi, na chenji ya kutosha sukari na sabuni ya mama. Mtu mmoja akienda bila deni, akakaa siku tatu, akala na mama yake bila kuitazama simu, familia imekwenda. Mwaka unaofuata ataenda mwingine.

Januari hii Jumanne zilipita kama siku nyingine. Jumapili ya kwanza ya Februari tumekirudisha kibubu mezani, mzee akachukua ufunguo, na binti mkubwa akaandika mstari wa kwanza kwenye karatasi mpya: tarehe 1 Februari, 15,000, saini mbili. Chini ya karatasi ameongeza bahasha ndogo ya shilingi elfu moja kwa wiki. Hatukumwagiza. Juu yake ameandika neno moja: Mlawi.